Salio la Leo, Miezi Iliyobaki
Mhadhara kuhusu mkopo wa riba inayobadilika, uliotolewa Igamba, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mikopo. Mkopo ni bahari, na saa moja haitoshi hata kuogelea ukingoni, kwa hiyo nimechagua jambo moja tu. Ni lile linalotokea siku unapopokea ujumbe kwenye simu kwamba kiwango cha riba ya mkopo wako kimebadilika, kilikuwa asilimia 18 na sasa ni asilimia 21, na kwamba rejesho lako jipya ni kiasi fulani. Ujumbe wenyewe ni wa mistari miwili. Hausemi rejesho hilo limepatikanaje. Mkopaji anasonya, anaongeza pesa na maisha yanaendelea. Mwingine haoni rejesho likibadilika hata senti, anashukuru Mungu, kumbe huyo ndiye angepaswa kuuliza zaidi.

Kwanza niwaondolee hofu walio wengi humu. Mkulima wa kahawa aliyechukua mkopo wa pembejeo wa msimu mmoja, akalipe baada ya mavuno, mara nyingi riba yake imefungwa tangu siku ya kusaini, na msimu ni mfupi. Mikopo mingi ya watumishi inayokatwa kwenye mshahara nayo ina riba isiyobadilika. Mhadhara huu unamhusu hasa mwenye mkopo wa miaka mingi: nyumba, fuso, mashine ya kukoboa, ghala la mahindi, duka la jumla pale Tunduma. Katika mikataba ya namna hiyo hukosi kifungu kinachosema benki inaweza kubadili riba baada ya kutoa notisi, au kwamba riba itafuata kiwango fulani cha soko kikijumlishwa na nyongeza ya benki. Nendeni nyumbani mkakitafute. Mara nyingi kipo kurasa za katikati, mahali ambapo watu hufunua haraka ili wafike penye sahihi.

Riba hubadilika kwa sababu gani? Hapa kwetu Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu mwezi Januari 2024, ikaanzia asilimia 5.5, ikapanda kuwa 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, kisha Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Mabadiliko hayo ni madogo, na hayaingii moja kwa moja kwenye mkopo wako isipokuwa mkataba wako umesema hivyo. Lakini ninyi mna majirani. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Benki ya Zambia ilikuwa na kiwango cha asilimia 9 mwanzoni mwa 2023, na kufika Februari 2025 kilikuwa 14.5. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mkopo upande wa pili anajua ninachosema bila kuelezwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Nitatumia mkopaji mmoja wa kutunga, mwenye mashine ya kukoboa kahawa, na nitakaa naye mpaka mwisho ili tusichanganyikiwe.

Alikopa shilingi 20,000,000 kwa miezi 60. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, na inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani kila mwezi unatozwa riba ya deni lililobaki tu. Wale wenye mikopo ambayo riba hupigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ile mnayoiita flati, hesabu yenu ni nyingine, na siitaki hapa leo. Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Rejesho lake lilikuwa shilingi 507,869 kila mwezi. Amelipa bila kukosa miezi 24. Mwezi wa 24 ukiisha, salio lake ni karibu shilingi 14,047,989, na miezi iliyobaki ni 36. Hapo ndipo ujumbe unaingia: riba sasa ni asilimia 21.

Swali ni hili: rejesho jipya ni kiasi gani?

Chukulieni lori lililobeba magunia kutoka hapa kwenda Mlowo, nusu ya kazi imefanyika, kisha bei ya mafuta ikapanda. Huwezi kupanga upya safari kwa kuhesabu magunia yaliyokwisha shushwa. Unahesabu yaliyobaki ghalani na safari zilizobaki, basi. Mkopo ni vilevile. Benki inachukua salio la siku riba ilipobadilika, inachukua idadi ya miezi iliyobaki, inaweka riba mpya, na kutafuta rejesho moja lililo sawa kila mwezi litakalolifikisha salio hilo sifuri mwezi wa mwisho. Mkopo wa awali wa milioni 20 haumo tena kwenye hesabu. Ile miezi 60 nayo haimo. Yaliyolipwa yamelipwa kwa riba ya wakati ule, na hakuna anayeruhusiwa kurudi nyuma kuyagusa.

Kanuni yenyewe huandikwa hivi:

```
R = S × i / (1 − (1 + i)^−n)
```

R ni rejesho, S ni salio, i ni riba ya mwezi mmoja, na n ni idadi ya miezi iliyobaki. Najua baadhi yenu mmeacha hesabu za namna hii darasani. Basi tuifanye kwa simu ya kawaida. Asilimia 21 kwa mwaka ni 1.75 kwa mwezi, kwa hiyo chukua 1.0175 na uizidishe kwa yenyewe mpaka iwe imetumika mara 36. Utapata 1.8674. Gawa 1 kwa namba hiyo, unapata 0.5355. Toa kutoka 1, inabaki 0.4645. Sasa gawa 0.0175 kwa 0.4645, unapata 0.037675. Maana yake ni kwamba kila shilingi 1,000 ya salio inadai shilingi 37.68 kwa mwezi. Zidisha 0.037675 na salio lako, rejesho linatoka karibu shilingi 529,260. Ukibakiza tarakimu zote bila kuzikata njiani utafika 529,259 kamili. Kama una Excel kwenye simu au una kijana anayejua kompyuta, mwambie aandike hivi:

```
=PMT(0.21/12,36,-14047989)
```

Jibu linakuja lenyewe. Hakuna siri ya benki hapo. Ofisa mikopo anatumia hesabu hii hii, ila ya kwake imefichwa ndani ya mfumo.

Kwa hiyo rejesho limepanda kutoka 507,869 hadi 529,259, ongezeko la shilingi 21,390. Angalieni jambo ambalo huwashangaza watu. Riba imepanda kutoka 18 hadi 21, yaani imeongezeka kwa sehemu moja ya sita, lakini rejesho limeongezeka kwa asilimia 4 na kidogo tu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya rejesho la mtu aliyebakiza miaka mitatu ni kurudisha deni lenyewe, na deni halijabadilika. Riba imepanda, lakini inapiga kipande kidogo. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika Nairobi.

Sasa ufunguo wa kulikagua rejesho jipya bila kanuni yoyote. Riba ya mwezi wa kwanza baada ya mabadiliko ni salio mara asilimia 21, gawa kwa 12. Hiyo ni shilingi 245,840. Toa kwenye rejesho la 529,259, zinabaki shilingi 283,419, ambazo ndizo zinapunguza deni. Salio jipya linapaswa kusomeka 13,764,570. Kama riba isingebadilika, mwezi huo angetozwa riba ya 210,720 na deni lingepungua kwa 297,149. Yaani analipa zaidi na deni linapungua taratibu zaidi. Inauma, lakini ni sahihi, na namba hizo tatu, riba, sehemu ya deni na salio jipya, zote lazima zionekane kwenye taarifa ya mkopo wako. Ukiziona zinakubaliana, huna haja ya kwenda kugombana na mtu dirishani. Mabenki mengine hupiga riba kwa siku halisi za mwezi badala ya kugawa kwa 12, kwa hiyo mwezi wa siku 31 utazidi kidogo na Februari itapungua. Tofauti ya shilingi elfu chache kwa sababu hiyo si wizi.

Mahali ambapo namba hugoma kukubaliana ni pachache, na nimeona panajirudia.

Pa kwanza ni pale mtu anapokokotoa kwa mkopo wa awali. Ofisa ana haraka, anafungua kikokotoo, anaingiza milioni 20, miezi 60, asilimia 21. Kinatoa shilingi 541,067. Mkopaji wetu anaambiwa hilo ndilo rejesho lake. Ni shilingi 11,808 zaidi ya inavyotakiwa kila mwezi. Sasa, kama mfumo wa benki unaendelea kupiga riba kwenye salio halisi, hela hiyo haijapotea, kwa sababu deni litaisha mwezi wa 35 badala ya wa 36. Hasara ipo pale ambapo mfumo unaendelea kukata mpaka mwezi wa 36 kamili kana kwamba deni bado lipo, na mkopaji haangalii. Namna ya kulitambua kosa hili ni rahisi: weka mkopo wa awali na muda wa awali kwenye ile kanuni, kwa riba mpya. Ikitoa rejesho ulilopewa, umempata mchawi.

Pa pili ndipo penye watu wengi zaidi, na hapo sauti yangu itapanda kidogo, mnisamehe. Ni pale rejesho linapoachwa vilevile. Riba imepanda, mkopaji anaendelea kulipa 507,869, na kila mtu ana furaha. Lakini benki haijasamehe ile tofauti. Mwezi wa kwanza riba ni 245,840 na deni linapungua kwa 262,029 tu badala ya 283,419. Pengo hilo dogo linakua kila mwezi kwa sababu nalo linatozwa riba. Mwezi wa 36 unafika, mkopaji anakuja kuchukua hati ya kiwanja chake, anaambiwa bado anadaiwa shilingi 1,060,000 na ushei. Anaapa kwamba hajawahi kukosa rejesho, na ni kweli hajawahi. Deni lile halikutokana na kukosa. Limetokana na rejesho ambalo halikukokotolewa upya.

Hali hii huwapata hasa wanaolipa kwa maagizo ya kudumu kwenye akaunti, au kwa makato ya mshahara. Agizo la benki linasema 507,869 na litakata 507,869 mpaka mtu alibadilishe. Kwa mtumishi kuna kizuizi kingine: mwajiri hatakiwi kukukata mpaka ubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Kama ulikopa mpaka mwisho wa uwezo wako, rejesho jipya haliwezi kupita hata likikokotolewa kwa usahihi, na tofauti inajilimbikiza kimyakimya.

Siyo kwamba kurefusha muda ni haramu. Ni njia halali, na wakati mwingine ndiyo nafuu. Mkopaji wetu akiachiwa alipe 507,869 mpaka deni liishe, atalipa miezi 38, halafu mwezi wa 39 atamalizia na kama shilingi 74,300. Kwa jumla atakuwa amelipa karibu shilingi 320,000 zaidi ya yule aliyekubali rejesho jipya kwa miezi 36. Huenda kwake 320,000 zilizotawanyika mwishoni ni bora kuliko 21,390 kila mwezi wakati wa kiangazi ambapo mashine haina kahawa ya kukoboa. Hiyo ni hesabu ya nyumba yake, si yangu. Ninachokataa ni muda kurefushwa bila mtu kuambiwa, na tarehe ya mwisho kwenye mkataba kubaki ileile ya zamani. Hivi vitatu haviwezi kuwa kweli pamoja: rejesho lilelile, riba kubwa zaidi, na tarehe ileile ya kumaliza. Mojawapo ni uongo, na mara nyingi ni tarehe.

Kuna jambo dogo la tarehe nilitaje nipite. Riba mara nyingi hubadilika katikati ya mwezi wa rejesho. Tuseme analipa tarehe 25 na riba imebadilika tarehe 10 Julai. Kuanzia 25 Juni hadi 10 Julai ni siku 15 za riba ya zamani, na kutoka hapo hadi 25 Julai ni siku 15 za riba mpya. Mwezi huo riba yake ni kama shilingi 225,150. Akitozwa 245,840 kwa mwezi huo wa kwanza, ametozwa riba mpya kwa siku ambazo haikuwapo. Elfu ishirini hivi, mara moja. Uliza, usinune.

Sasa twende Nairobi kama nilivyoahidi, kwa sababu Wakenya wamepitia jambo hili kwa ukali ambao sisi hatujauona.

Septemba 2011 kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Shilingi yao ilikuwa inaanguka na bei zinapaa, na Benki Kuu ikaamua kukaza. Oktoba kiwango kikawa 11, Novemba 16.5, Desemba 18. Ndani ya miezi mitatu. Wastani wa riba za mikopo ya mabenki, ambao mapema mwaka ule ulikuwa karibu asilimia 14, ulikuwa umevuka 20 kufikia mapema 2012. Watu waliokuwa na mikopo ya nyumba ya riba inayobadilika walipata barua.

Tufanye hesabu ya mtu wa namna hiyo, wa mfano. Amekopa shilingi za Kenya 5,000,000 kwa miaka 20, kwa asilimia 14. Rejesho lake ni 62,176 kwa mwezi. Ndiyo kwanza ameanza kulipa, kwa hiyo salio bado ni karibu milioni 5 na miezi iliyobaki ni karibu 240. Riba ikapanda kuwa 20. Ingieni kwenye kanuni ileile, salio na miezi iliyobaki: rejesho jipya ni karibu 84,941. Ni zaidi ya theluthi moja juu ya lile la zamani.

Linganisheni na mkopaji wetu wa Igamba. Kwa yule wa kwetu riba ilipanda kwa sehemu moja ya sita na rejesho likapanda kwa asilimia 4. Kwa huyu wa Nairobi riba ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja, yaani asilimia 43, na rejesho likapanda kwa asilimia 37. Kanuni ni moja. Kilichotofautiana hasa ni muda uliobaki. Mkopo wa miaka 20 unapoanza, rejesho lote karibu ni riba tupu. Katika ile 62,176 ya kwanza, 58,333 ilikuwa riba na 3,843 tu ndizo zilizopunguza deni. Riba ikipanda, inapiga rejesho zima.

Na hapo pana jambo baya zaidi. Riba ya asilimia 20 kwa milioni 5 ni shilingi 83,333 kwa mwezi. Mkopaji anayeachiwa aendelee kulipa 62,176 halipi hata riba. Pungufu ni 21,157 kila mwezi, na benki ikiiongeza kwenye salio, deni linakua wakati mtu analipa. Hapa kurefusha muda hakusaidii hata ukirefusha miaka mia, maana deni halipungui kamwe. Kipimo chake ni chepesi na kila mwenye mkopo wa nyumba akikariri: salio mara riba ya mwezi. Kama jibu limezidi rejesho lako, muda hautakuokoa. Ni ama rejesho lipande, ama ulipunguze salio kwa mkupuo, ama mkae mezani mpange upya.

Miaka mitano baadaye Wakenya waliona upande wa pili wa sarafu. Mbunge wa Kiambu, Jude Njomo, alipeleka muswada wa kuweka kikomo cha riba, Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi Agosti 2016, na sheria ikaanza kufanya kazi Septemba. Kikomo kilikuwa kiwango cha Benki Kuu na nyongeza isiyozidi asilimia 4. Kiwango kilipowekwa asilimia 10 mwezi huohuo, kikomo kikawa 14. Mikopo iliyokuwa juu ya hapo ikashushwa. Sheria ile iliondolewa Novemba 2019, na kama ilikuwa njema au mbaya kwa biashara ndogo ni mjadala mwingine. Wachumi wengi waliilaumu kwamba iliwafanya mabenki yawakimbie wakopaji wadogo, na mimi nadhani walikuwa na hoja. Kwa mada yetu somo ni hili: riba ikishuka, hesabu ni ileile. Salio la siku hiyo, miezi iliyobaki, riba mpya. Rejesho linatakiwa lishuke. Likiachwa vilevile, deni litaisha mapema, na hilo si baya, mradi uliambiwa na ukalichagua. Ubaya ni pale riba inapopanda na rejesho likapanda wiki hiyohiyo, lakini ikishuka rejesho linasubiri mteja aandike barua. Kwenye mkataba tafuteni maneno yanayosema kiwango kitapitiwa lini na kushuka kutatumika vipi. Kifungu kinachotaja kupanda peke yake ni kifungu cha mguu mmoja.

Nimeacha muda wa maswali, na nimeona mzee pale amenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye rejesho lililoachwa vilevile. Karibu, mzee.

Mzee anauliza: hesabu yote hii ni ya mtu aliyelipa bila kukosa. Sisi wa kahawa hela inakuja msimu wa mavuno, na wakati mwingine malipo ya ushirika yanachelewa. Mtu amekosa marejesho mawili, kisha riba inapanda. Salio lake ni lipi, na muda uliobaki ni upi?

Shikamoo, mzee, maana umeuliza swali ambalo hata watu wa benki hujikwaa nalo. Tumrudie yuleyule mwenye mashine. Tuseme alikosa rejesho la mwezi wa 23 na la 24. Tuache faini kwanza. Deni lake siku hiyo si 14,047,989 tena. Ni 15,071,345, kwa sababu ya yale marejesho mawili na riba ya kuchelewa kwa mojawapo. Tofauti, shilingi 1,023,356 hivi, ndiyo malimbikizo.

Kuna njia mbili zilizo sahihi. Ya kwanza, benki inakokotoa rejesho jipya kwa salio lile ambalo angekuwa nalo kama asingekosa. Rejesho ni 529,259 kwa miezi 36, na malimbikizo yanabaki pembeni kama deni la kulipwa mara moja, akiuza kahawa. Ya pili, benki inakubali kuingiza malimbikizo ndani, inakokotoa kwa 15,071,345 kwa miezi 36. Rejesho linakuwa 567,814, na malimbikizo yamekwisha, hayadaiwi tena. Mkichagua hii ya pili mpate karatasi iliyoandikwa na kusainiwa kwamba malimbikizo yameingizwa kwenye salio.

Kosa ni kufanyiwa zote mbili. Unapewa rejesho la 567,814, na mwezi unaofuata unapigiwa simu kwamba bado unadaiwa malimbikizo ya milioni moja na ushei. Hapo umedaiwa fedha ileile mara mbili. Ishara yake ni kwenye taarifa ya mkopo: mstari wa salio umeruka juu siku riba ilipobadilika, na mstari wa malimbikizo haujarudi sifuri.

Kuhusu muda, mzee, watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa marejesho 38 hayajalipwa, basi miezi iliyobaki ni 38. Hapana. Muda uliobaki unahesabiwa kwa kalenda, kuanzia siku riba ilipobadilika mpaka tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba, na hiyo ni 36. Ukitaka iwe 38, inabidi tarehe ya mwisho ibadilishwe kwa maandishi, na hati ya dhamana ikae benki miezi miwili zaidi. Wapo watakaokubali, hasa ukienda kabla hujakosa rejesho la tatu, ukiwa na stakabadhi za kahawa uliyokwisha kupeleka ushirika, ili waone hela iko njiani na siyo maneno.